Tangi lililopoteza lita 400 usiku: jinsi ya kunasa muda wa mwangwi bila kuitegemea programu

Bombo, mji wa Wanubi ulio kaskazini ya Kampala, ni moja ya sehemu za Uganda ambako Kiswahili kinasikika sokoni na barazani kila siku. Huko nilifunga kipimo cha maji kwenye tangi jeusi la plastiki la lita 5,000 linalokinga maji ya mvua. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 kilikaa juu, kimeinamia maji. Bodi ya Arduino Uno ilisoma umbali kila baada ya sekunde 10, na modemu ndogo ya simu ilimtumia mwenye nyumba meseji kiwango kikishuka ghafla. Wiki ya kwanza tu, mama mwenye nyumba akanipigia alfajiri: "Mwanangu, nani kachota maji yangu usiku? Simu inasema lita mia nne zimekwenda." Nilipofika tukafungua mfuniko pamoja. Maji yalikuwa palepale, na alama ya unyevu ukutani haikuonyesha kwamba yamewahi kushuka.

Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba kihisi hakikuwa na kosa lolote, wala waya haukulegea. Kosa lilikuwa katika namna nilivyouhesabu muda wa mwangwi.

Kwanza tuelewane kihisi hiki kinatoa nini, maana wengi hudhani kinatoa umbali. Kinachotoka ni muda. Unakipa pini ya Trig msukumo wa volti 5 kwa maikrosekunde 10. Chenyewe kinapiga mawimbi 8 ya sauti ya kilohezi 40, sauti ambayo sikio la binadamu halifiki. Kikishapiga, kinaipandisha pini ya Echo, na mwangwi ukirudi kinaishusha. Upana wa mpigo huo kwenye Echo ndio muda wa safari ya kwenda na kurudi. Angalia jambo moja hapa: Echo haipandi papo hapo unapogusa Trig. Inachelewa karibu nusu milisekunde, kwa kuwa kihisi kinajiandaa na kupiga mawimbi yake. Anayeanza kuhesabu tangu Trig anajiongezea sentimita 8 au 9 zisizokuwepo. Kinachohesabiwa ni kutoka ukingo wa Echo unaopanda hadi ukingo wa Echo unaoshuka, basi.

Sauti hewani, kukiwa na nyuzi 25, inakwenda mita 346 kwa sekunde. Kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, kila sentimita ya umbali inakula maikrosekunde 58 hivi. Shika namba hiyo. Ukichelewa maikrosekunde 58 kuuona ukingo mmoja, umekosea sentimita nzima.

Programu yangu ya kwanza ilifanya kama wengi wafanyavyo. Niliunganisha Echo na pini ya katizo, yaani pini inayoisimamisha programu kwa muda ili ishughulikie jambo la haraka, na kila ukingo ulipobadilika, kazi ndogo iliitwa kusoma `micros()`. Nikitoa muda wa kwanza kwenye wa pili napata upana. Ni njia nzuri, isipokuwa ina sharti lililojificha: kazi ile iitwe mara tu ukingo unapotokea. Prosesa ya ATmega328P iliyo kwenye Uno hufanya katizo moja kwa wakati. Ikiwa ndani ya katizo jingine, ukingo wako unasubiri foleni, na `micros()` inasomwa foleni ikiisha. Saa inakuwa imesonga, nawe huna habari.

Na foleni ile ilitoka kwa modemu. Nilikuwa nazungumza nayo kwa maktaba ya `SoftwareSerial`, inayotumia pini za kawaida. Maktaba hiyo ikianza kupokea herufi moja hukaa ndani ya katizo lake mpaka herufi iishe. Kwa kasi ya 9600, herufi moja ina biti 10 ukihesabu ya mwanzo na ya mwisho, yaani milisekunde 1.04. Sasa piga picha: ni usiku, modemu inapokea meseji ya tangazo na kuanza kuiarifu bodi, herufi baada ya herufi. Wakati huohuo mwangwi unarudi na Echo inashuka. Ukingo unasubiri karibu milisekunde nzima. Milisekunde 1.04 ni sentimita 18. Tangi lile lina kipenyo cha mita 1.80, hivyo eneo la uso wa maji ni mita za mraba 2.54, na sentimita 18 ni lita zaidi ya 450. Hizo ndizo lita zilizotoweka. Ukingo wa kupanda ndio ukichelewa, mambo yanageuka: mpigo unaonekana mfupi, na maji yanaonekana yameongezeka bila mvua kunyesha.

Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuitambua. Kosa la kihisi au la waya huyumba huku na huko bila mpango. Kosa la foleni halivuki mpaka fulani, na mpaka huo unalingana na muda wa kazi nyingine unayoijua. Niliandika vipimo 200 huku nikijitumia meseji kwa makusudi, nikaona vilivyoharibika vyote viko ndani ya sentimita 18, juu au chini. Hapo sikuhitaji kuuliza tena.

Dawa ni kuitoa programu kwenye kazi ya kusoma saa. Ndani ya ATmega328P kuna taima ya biti 16, Timer1, inayohesabu yenyewe hata prosesa iwe na shughuli gani. Taima hiyo ina pini yake maalumu, ICP1, ambayo kwenye Uno ni pini namba 8. Ukingo ukitokea kwenye pini hiyo, maunzi yenyewe yanainakili hesabu ya taima wakati uleule na kuiweka kwenye rejista ya `ICR1`. Hakuna programu iliyohusika. Ni kama mwamuzi wa mbio aliyebonyeza saa mkimbiaji alipovuka mstari: karani anaweza kuja kuandika muda baada ya dakika tano, na muda hautabadilika. Katizo bado linaitwa, na bado linaweza kukaa foleni milisekunde moja, lakini likifika linasoma namba iliyonaswa zamani. Kuchelewa kwake hakugusi kipimo.

Maandalizi yake ni mistari mitatu:

```c
TCCR1A = 0;
TCCR1B = (1 << ICNC1) | (1 << ICES1) | (1 << CS11);
TIMSK1 = (1 << ICIE1);
```

Mstari wa kwanza unaonekana kama wa mapambo, kumbe ndio uliowasumbua wengi ninaowajua. Ukiandika programu kwa mazingira ya Arduino, Timer1 hukabidhiwa kwako ikiwa tayari imewekwa kwa kazi ya kufifisha taa: inapanda 0 hadi 255 kisha inashuka tena. Usipoisafisha `TCCR1A`, utanasa namba ambazo hazivuki 255 hata usogeze kihisi namna gani. Ukiona hivyo, usihangaike na kihisi, rudi kwenye mstari huu.

Mstari wa pili una mambo matatu. `ICNC1` inawasha kichujio cha kelele, kinachotaka pini itulie kwa sampuli nne za saa kabla ya kuukubali ukingo; ucheleweshaji wake ni uleule kwa kingo zote mbili, hivyo ukitoa unafutika. `ICES1` inasema tunaanza kwa kusubiri ukingo unaopanda. `CS11` inaigawa saa ya megahezi 16 kwa 8, kwa hiyo taima inapiga hesabu moja kila nusu maikrosekunde. Mstari wa tatu unaruhusu katizo.

Kazi ya katizo lenyewe ni hii:

```c
volatile uint16_t mwanzo, upana;
volatile uint8_t tayari;

ISR(TIMER1_CAPT_vect) {
  uint16_t t = ICR1;
  if (TCCR1B & (1 << ICES1)) {   // umepanda
    mwanzo = t;
    TCCR1B &= ~(1 << ICES1);     // sasa ngoja ushuke
  } else {                       // umeshuka
    upana = t - mwanzo;
    tayari = 1;
    TCCR1B |= (1 << ICES1);
  }
  TIFR1 = (1 << ICF1);
}
```

Taima hii inanasa aina moja ya ukingo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tukishapata wa kupanda tunaigeuza isubiri wa kushuka, na kinyume chake. Kugeuza huko kwenyewe kunaweza kuiwasha bendera ya `ICF1` bila ukingo wa kweli kutokea, ndiyo maana mstari wa mwisho unaifuta. Inafutwa kwa kuiandikia 1, si 0. Rejista hii iko hivyo. Ukiusahau mstari huo, utaona mara kwa mara mpigo wenye upana mdogo mno, kana kwamba kuna kitu kimegusa uso wa kihisi.

Tuchukue kipimo kimoja nilichokiandika kwenye daftari. Ukingo wa kupanda ulinaswa taima ikiwa 61,200. Wa kushuka ulinaswa ikiwa 3,644. Mtu akiona hivyo hushtuka, kwa sababu namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Taima ya biti 16 ikifika 65,535 hurudi sifuri na kuendelea, na hapa ilirudi sifuri katikati ya mpigo. Habari njema ni kwamba huhitaji kufanya lolote. Vigezo vyote viwili vikiwa `uint16_t`, kutoa kwenyewe kunazunguka vilevile: 3,644 toa 61,200, ongeza 65,536, unabaki na 7,980. Kila hesabu ni nusu maikrosekunde, kwa hiyo mwangwi ulichukua maikrosekunde 3,990. Zidisha kwa mita 346.45 kwa sekunde, gawa kwa 2, unapata sentimita 69.1 kutoka kihisi hadi maji. Chini ya tangi iko sentimita 220 kutoka kihisi, basi kina cha maji ni 150.9, na ukizidisha kwa eneo unapata lita 3,840 hivi. Nilishusha futi ya fundi kupitia mfuniko, ikasoma 69.

Lakini mzunguko huo unaokusaidia ndio unaoweza kukudanganya. Unafanya kazi maadamu mpigo ni mfupi kuliko mzunguko mmoja wa taima, ambao kwa kigawanyo cha 8 ni milisekunde 32.768. Kihisi kisipopata mwangwi, tuseme kwa sababu kimeinama pembeni, hakikai kimya. Vihisi vingi vya aina hii hushikilia Echo juu kwa milisekunde 38 hivi kisha huishusha, na zipo nakala za bei nafuu zinazoshikilia zaidi ya 100. Sasa fanya hesabu ya 38. Taima inazunguka mara moja, na kinachobaki ni milisekunde 5.232, yaani sentimita 90.6. Kihisi kimesema "sikusikia kitu", nawe umeandika kwenye meseji kwamba maji yako sentimita 90 chini. Ni namba safi, inayorudiwa bila kuyumba, na inaaminika kabisa. Kwangu mimi hili ni baya kuliko lita 400 za usiku, kwa sababu lile lilijionyesha lenyewe na hili halijionyeshi. Likikupata utalijua kwa kufunika kihisi kwa kitambaa kizito: namba ikiganda karibu na 90, ni mzunguko.

Dawa ninayoipendelea ni kuipunguza kasi taima. Weka kigawanyo cha 64 kwa kuwasha `CS11` na `CS10` pamoja. Kila hesabu inakuwa maikrosekunde 4, na mzunguko mzima unachukua milisekunde 262. Wengine husita hapo wakiona wanapoteza usahihi. Maikrosekunde 4 ni umbali wa milimita 0.7, wakati wimbi moja la kilohezi 40 lina urefu wa karibu milimita 9, na kihisi chenyewe hakiahidi zaidi ya milimita 3. Kuhesabu kwa nusu maikrosekunde hapa ni kupima mkaa kwa mizani ya sonara. Kisha kataa upana wowote unaozidi hesabu 6,000, yaani milisekunde 24, ambazo ni zaidi ya mita 4. Tangi lako halina kina hicho, kwa hiyo namba hiyo ni ukimya wa kihisi, na iandikwe hivyo.

Njia hii nayo ina mpaka wake. Katizo linalosubiri foleni haliharibu namba iliyonaswa, lakini linachelewesha ile kazi ya kugeuza aina ya ukingo. Ikiwa Echo imepanda, kisha ikashuka, kabla katizo halijapata nafasi ya kusema "sasa ngoja wa kushuka", ukingo wa kushuka unapita bila kunaswa. Kwa modemu yangu foleni haizidi milisekunde 1.04, hivyo mpigo wowote mrefu kuliko huo uko salama. Milisekunde 1.04 ni sentimita 18, na mimi nilikuwa nimefunga kihisi sentimita 25 juu ya maji tangi likijaa. Kama ungekifunga sentimita 10 juu ya maji, ungepoteza vipimo tangi likikaribia kujaa, tena si vyote, baadhi tu. Anayetumia bodi ya STM32 hana shida hii, kwa sababu taima zake zinaweza kuelekeza pini moja kwenye njia mbili za kunasa, moja kwa kila ukingo. Kumbuka pia kwamba Timer1 ukiishika, maktaba ya `Servo` na ufifishaji wa taa kwenye pini 9 na 10 za Uno havitafanya kazi.

Baada ya kubadilisha, zile lita 400 hazikurudi tena. Nikabaki na tofauti ndogo ya lita 45 hivi iliyojitokeza kila siku mchana na kupotea usiku. Safari hii saa haikuwa na lawama. Ilikuwa hewa.

Kasi ya sauti hewani, kwa mita kwa sekunde, unaipata karibu vya kutosha kwa `v = 331.3 + 0.606 * T`, `T` ikiwa nyuzi joto za Selsiasi. Chini ya mfuniko wa tangi jeusi lililopigwa na jua la saa saba, kipimajoto changu kilisoma nyuzi 40. Kasi hapo ni 355.54. Maji yakiwa palepale sentimita 69.1, mwangwi unarudi baada ya maikrosekunde 3,888 badala ya 3,990. Programu inayoamini ni nyuzi 25 itasema 67.3, na pungufu hiyo ya sentimita 1.8 ni jerikeni mbili za lita 20 na ushee. Fundi mmoja aliniambia sababu ni mwinuko, kwamba sehemu za Kampala ziko takriban mita 1,200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Hewa ni nyepesi kweli, lakini kanieneo na msongamano hupungua pamoja, na athari zake kwenye kasi ya sauti zinafutana. Kinachobaki ni joto. Sauti katika hewa ya nyuzi 25 inakwenda kasi ileile Bombo na Mombasa, ukiacha athari ndogo ya unyevu.

Nikaweka kipimajoto cha DS18B20 ndani ya tangi. Kukibandika kwenye mfuniko ni kosa, kwa sababu juu kuna joto kuliko karibu na maji, na sauti inapita hewa yote iliyo katikati. Kining'inize nusu ya njia, kando kidogo ili kisirudishe mwangwi, na ukisome kabla ya kupima umbali, usivisome kwa pamoja. Asiye na kipimajoto achukue kipimo cha alfajiri, hewa ya ndani ikiwa imetulia na joto lake ni karibu moja juu mpaka chini, na aweke nyuzi za alfajiri ya kwao.

Jambo moja halikutatuliwa na taima wala na kipimajoto. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji ya paa huingia kwa kishindo, uso wa maji unavurugika, na vipimo vinatawanyika. Hapo nachukua vitano, kila kimoja kikisubiri milisekunde 60 ili mwangwi wa mwisho ufe, kisha navipanga na kuchagua cha katikati. Lakini siku moja ya Aprili vyote vitano vilisema sentimita 31, mvua nzima, huku tangi likizidi kujaa. Nilipochungulia na tochi niliona bomba la kuingizia maji limejipinda, na mkondo wake unapita mbele ya kihisi. Sauti ilikuwa inagonga mkondo na kurudi. Niligeuza kiwiko cha bomba kikaelekea ukutani, na kipimo kilichofuata kikasoma 44.